Bando halina kosa: hedseti ya Bluetooth na ukungu wa nyuma kwenye simu za video

Simu ya video ikianza kusumbua, wa kwanza kulaumiwa ni mtandao. Sauti ikikwaruza ni mtandao, sura ikiganda ni mtandao, na anayeongea huomba radhi, hutoka, huingia tena, hununua bando jingine. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini yapo matatizo mawili ambayo bando hata likiongezwa mara kumi hayaondoki, kwa sababu yanazaliwa mezani kwa mtu mwenyewe kabla sauti na picha hazijafika mtandaoni. La kwanza lipo kati ya laptopu na hedseti ya Bluetooth. La pili lipo ndani ya prosesa inayotia ukungu kwenye mandhari ya nyuma. Kila moja lina dalili zake, na yakikutana hugombana kwa namna ambayo wengi hawaitarajii.

Tuanze na hedseti, maana hapo ndipo watu wanapodhani wameuziwa feki. Mtu ananunua hedseti nzuri, anasikiliza muziki, besi inashuka na sauti za juu zinang'aa. Anaingia kwenye mkutano wa video, na mara ile ile kila kitu kinafifia. Sauti za wenzake zinakuwa nyembamba, na wao wanamwambia kuwa anasikika kama yuko ndani ya mtungi. Anatoka kwenye mkutano, muziki unarudi kuwa mzuri. Hedseti haina ubovu wowote. Kilichotokea ni kwamba imehamishwa kutoka njia moja ya Bluetooth kwenda nyingine.

Bluetooth ya kawaida ina njia mbili tofauti za kubeba sauti. Ya muziki inaitwa A2DP. Hiyo hupeleka sauti upande mmoja tu, kutoka laptopu kwenda masikioni, katika stirio, na kwa SBC, kodeki ya kawaida, yaani mbinu ya kubana sauti ili isafiri, inaweza kutumia takribani kilobiti 328 kwa sekunde. Ya mazungumzo inaitwa HFP. Hiyo hubeba sauti pande zote mbili kwa wakati mmoja, lakini kila upande umetengewa kilobiti 64 tu kwa sekunde, na stirio haipo. Njia ya muziki haina nafasi ya kurudisha sauti ya maiki. Kwa hiyo programu yoyote ikiomba maiki ya hedseti, laptopu hailegezi kamba: inafunga njia ya muziki na kufungua ya mazungumzo, na unachosikia nacho kinahamia huko.

Kinachopotea hapo kina kipimo. Sauti ikigeuzwa kuwa namba hupimwa mara nyingi kila sekunde, na idadi hiyo ya vipimo ndiyo inayoamua sauti kali kiasi gani itapita: daima ni hadi nusu yake. HFP ya zamani, kwa kodeki iitwayo CVSD, hupima mara 8,000 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti yoyote inayotetema zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde, yaani iliyo juu ya Hz 4,000, haipiti. Mwaka 2011 toleo la 1.6 la HFP liliongeza kodeki ya mSBC, inayopima mara 16,000, na dari ikapanda hadi Hz 8,000. Sharti ni kwamba laptopu na hedseti zote mbili ziijue mSBC. Moja tu ikiwa haiijui, zinarudi kwenye CVSD bila kumwambia mtu.

Hz 4,000 zinatosha kubeba irabu, na ndiyo maana simu za kawaida ziliishi humo kwa miaka mingi. Zinazoumia ni konsonanti za mkwaruzo. Nguvu kubwa ya "s" iko juu ya hapo, na ikikatwa, "s" na "f" hubaki karibu sawa. "Sisi" na "fisi" zinaweza kuchanganywa. Katika sentensi nzima akili ya msikilizaji huziba pengo, lakini mtu anapotaja jina lake la ukoo au anwani ya barua pepe herufi kwa herufi, hakuna sentensi ya kumsaidia msikilizaji. Kipimo cha haraka cha kujua uko njia ipi ndicho hicho: mwombe mwenzako asikilize unapotaja maneno yenye "s" na "f". Kama anakisia, huenda umo kwenye CVSD.

Dawa inayojulikana ni kutenganisha masikio na mdomo: sikiliza kwa hedseti, ongea kwa maiki ya laptopu. Programu haitaomba tena maiki ya hedseti, njia ya muziki itabaki wazi, na utasikia vizuri. Wenzako nao watapokea sauti ya maiki isiyobanwa na Bluetooth. Kwenye Windows 10 jambo hili linataka uangalifu, kwa sababu hedseti moja hutokea kwenye orodha mara mbili, ya kwanza ikiwa na neno `Stereo` na ya pili ikiwa na maneno `Hands-Free AG Audio`. Ukibadilisha maiki tu na kuiacha spika kwenye `Hands-Free AG Audio`, bado uko njia ya mazungumzo na hakuna kilichobadilika masikioni mwako. Lazima spika ihamishiwe kwenye `Stereo`. Windows 11 imeziunganisha kuwa jina moja na huchagua njia yenyewe, kwa hiyo huko cha kuangalia ni maiki peke yake. Na tahadhari moja: programu nyingine iliyoachwa wazi, kwa mfano ya kurekodi sauti, ikiwa inashikilia maiki ya hedseti, inaiburuta hedseti kwenye HFP hata kama mkutano wako umeuweka sawasawa.

Dawa hiyo ina gharama ambayo haitajwi sana. Njia ya muziki hukusanya sauti kidogo kabla ya kuicheza ili isikatike, na kusubiri huko mara nyingi hufikia milisekunde 200 hivi. Kwa muziki hakuna anayejali. Kwa mazungumzo, shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, katika pendekezo lake la G.114 linashauri ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili watu waongee kwa raha, na linaweka 400 kuwa kikomo cha mipango ya mitandao. Ukijumlisha 200 za hedseti na zile za mtandao wenyewe, mnaanza kukatizana: wote wawili mnanyamaza, wote wawili mnaanza pamoja. Kwa hiyo kwenye semina ambapo unasikiliza zaidi ya kuongea, A2DP na maiki ya laptopu ni mpango mzuri. Kwenye usaili au majadiliano ya haraka, HFP yenye mSBC inaweza kuwa bora, ingawa sauti yake ni nyembamba. Na ukiniuliza mimi, hedseti ya waya yenye pini ya milimita 3.5 inazishinda zote mbili kwenye jambo lolote lenye uzito. Haina njia mbili za kuchagua na haina kusubiri.

Sasa ukungu. Watu hudhani kamera inafanya kazi ya lenzi, kwamba inalenga uso na kuacha ya nyuma yafifie. Kamera ya laptopu haina uwezo huo, lenzi yake ni ndogo mno na kila kitu chumbani huonekana wazi. Kinachofanyika ni hesabu. Kila fremu ya video inapita kwenye modeli iliyofunzwa kutambua watu, modeli inachora ramani ya wapi kuna mtu na wapi hakuna, kisha kila pikseli isiyo ya mtu inachanganywa na jirani zake mpaka ifutike. Video ikiwa ya fremu 30 kwa sekunde, kazi yote hiyo inatakiwa kuisha ndani ya milisekunde 33, halafu ianze upya.

Ili iwezekane kwenye mashine za kawaida, wahandisi walipunguza picha. Google walipoeleza mwaka 2020 jinsi Meet inavyofanya kazi hii ndani ya kivinjari, walisema modeli yao haioni video kamili bali nakala ndogo ya pikseli 256 kwa 144, na kwa mashine dhaifu 160 kwa 96. Chukua video ya 1280 kwa 720: kila pikseli moja ya ramani kubwa inawakilisha mraba wa pikseli 25 za video halisi. Ramani hiyo kisha inasafishwa kingo kwa kulinganishwa na rangi za picha ya asili. Hapo ndipo tunapata jibu la kwa nini nywele zilizochambuliwa hukatwa, rasta hutokea na kupotea, na kilemba hulika pembeni. Uzi mwembamba wa nywele ni mdogo kuliko kile modeli inachoweza kuona.

Hedseti kubwa inayopita juu ya kichwa nayo huteseka. Utepe wake mweusi mbele ya pazia jeusi hauna mpaka wa rangi, na ramani huamua kuwa ni sehemu ya ukuta. Sikio moja linabaki, jingine linazama ukunguni. Mtu akifungua mipangilio kutafuta tatizo hataliona, kwa sababu lipo kwenye mwanga. Kamera ikiwa gizani huongeza muda wa kufungua kila fremu, nyingi hushuka zenyewe kutoka fremu 30 hadi 15 au chini ya hapo, na mkono ukisogea unaacha mkia. Ukikaa dirisha likiwa mgongoni, kamera hupunguza mwanga ili dirisha lisichome picha, na uso mweusi unazama kabisa. Modeli inabaki kukisia. Geuza kiti ili dirisha liwe mbele yako, au weka taa nyuma ya laptopu ikikuelekea, na kingo zitatulia bila kugusa mpangilio wowote.

Jambo jingine la kujua kabla ya kuuamini ukungu: modeli imefunzwa kutafuta watu, haikufunzwa kukutafuta wewe. Mtoto au mgeni akipita nyuma yako naye ni mtu, na mara nyingi atatokea wazi, katikati ya ukungu. Kikombe ulichoshika, ambacho ungependa kionekane, kinaweza kutoweka. Na unapoinuka ghafla ramani huchelewa, ikaacha kipande cha chumba kikiwa wazi kwa kitambo. Kama ukutani kuna hati au picha isiyotakiwa kuonekana, iondoe. Ukungu ni wa heshima ya mkutano, haufai kubeba siri.

Hapa ndipo mambo haya mawili yanapokutana. Kwenye laptopu zenye chipu maalumu ya hesabu za aina hii, ukungu hautwishwi prosesa kuu. Kompyuta za Apple zenye M1 na kuendelea, na zile za Windows zenye chipu iitwayo NPU, hutia ukungu kabla video haijafika kwenye programu yoyote. Hizo zina kosa lake moja, kwamba ukiwasha ukungu wa mfumo na wa programu kwa pamoja, kazi inafanywa mara mbili na kingo zinaharibika zaidi, zima mmoja. Lakini laptopu nyingi tunazotumia, hasa zile za mtumba, hazina chipu hiyo. Hesabu yote inaangukia prosesa na chipu ndogo ya michoro, na ndizo hizo hizo zinazobana video yako, kufungua video za wenzako na kushughulikia sauti. Prosesa ikielemewa, kipande cha sauti kinachelewa, na masikioni unasikia mkwaruzo. Tena joto linapanda, feni inazunguka kwa kasi, na ukiwa umefuata ushauri wa kutumia maiki ya laptopu, maiki hiyo ipo sentimita chache tu kutoka kwenye feni. Kwa hiyo ukungu unaweza kuharibu sauti uliyoitengeneza kwa kuikwepa HFP. Dawa moja imelipiwa na nyingine.

Tuipitishe hali hii kwa mfano. Mkalimani yuko Morogoro, kesho ana usaili kwa Google Meet. Laptopu yake ni ya Windows 10 yenye prosesa ya koa mbili, hedseti ni ya Bluetooth, intaneti ni hotspoti ya simu iliyowekwa kando ya laptopu. Rafiki yake anayemjaribu analalamika mambo matatu kwa mpigo: sauti ni ya mtungini, inakwaruza, na kila baada ya muda maneno yanapotea. Mkalimani naye anasikia mikatiko. Shida ya malalamiko ya jinsi hii ni kwamba mtu hugusa mambo mengi kwa pamoja, kikipona kimoja hajui kilichokiponya. Abadilishe kimoja, asikilizwe, ndipo aende kingine.

Kwanza azime ukungu tu, hedseti ibaki ilivyo. Mkwaruzo unapungua sana, sauti inabaki ya mtungini. Basi mkwaruzo ulitoka kwenye prosesa. Angeweza kuthibitisha kwa kufungua Task Manager kwa `Ctrl+Shift+Esc`: prosesa iliyokuwa imekaa karibu na asilimia 100 inashuka ukungu ukizimwa.

Pili, ahamishe maiki kwenda ya laptopu na spika kwenda `Stereo`. Mtungi unaondoka pande zote mbili. Feni sasa inasikika kwa mbali, ila kwa kuwa ukungu umezimwa imetulia, na kichujio cha kelele cha programu, kama akaunti yake inacho, kinaweza kuimaliza.

Imebaki mikatiko masikioni mwake. Hii rafiki yake haisikii tena, na hiyo ni alama muhimu: tatizo linalosikika kwa mvaaji peke yake, wenzake wakisikia vizuri, lina uwezekano mkubwa wa kuwa redio ya hedseti. Bluetooth inaishi kwenye masafa ya GHz 2.4, ikirukaruka mara 1,600 kwa sekunde kati ya chaneli 79. Hotspoti yake nayo iko kwenye GHz 2.4, sentimita chache kutoka hapo, na video inapita humo bila kupumzika. Anafungua mipangilio ya hotspoti kwenye simu na kuihamishia GHz 5, anaisogeza simu upande wa pili wa meza, mikatiko inakwisha. Kama simu yake isingekuwa na GHz 5, angeiunganisha na laptopu kwa waya wa USB. Na kama angekuwa na diski ya nje ya USB 3.0 iliyochomekwa, angeichomoa pia: Intel walionyesha mwaka 2012 kwamba vifaa vya USB 3.0 na nyaya zake hutoa kelele ya redio ndani ya masafa hayo hayo ya GHz 2.4, na hedseti ya karibu huumia.

Kuhusu ukungu, kwa mashine yake ningemshauri auache. Ukuta mtupu nyuma, dirisha mbele, na prosesa ibaki huru kwa ajili ya sauti. Msaili atasamehe kabati linaloonekana nyuma. Hawezi kusamehe jibu ambalo hakulisikia.

Kwenye simu ya mkononi mambo ni mepesi kidogo, kwa sababu programu za simu za video zina kitufe cha kuchagua sauti itoke wapi: sikioni, spikani au Bluetooth. Tatizo la kawaida huko ni hedseti inayoweza kushika vifaa viwili kwa pamoja. Uko kwenye mkutano kwa laptopu, simu mfukoni inaita, hedseti inaikimbilia, na mkutano unabaki kimya. Kabla ya mkutano wenye uzito, zima Bluetooth ya kifaa ambacho hukitumii.

Hili la njia mbili halitadumu milele. LE Audio, iliyotangazwa mwaka 2020, inatumia kodeki mpya ya LC3 na inaweza kubeba maiki na sauti nzuri kwa wakati mmoja. Lakini hedseti, chipu ya Bluetooth, programu za kuiendesha chipu hiyo na mfumo wa laptopu, vyote vinatakiwa kuiunga mkono. Neno "Bluetooth 5.2" kwenye boksi peke yake si ushahidi, kwani mtengenezaji anaweza kuandika hivyo na bado asiweke LE Audio ndani. Tafuta maneno "LE Audio" yenyewe kwenye maelezo ya hedseti. Kwenye Windows 11, angalia kama mipangilio ya vifaa vya Bluetooth ina chaguo la `Use LE Audio when available`. Lisipokuwepo, laptopu hiyo haijawa tayari, na hedseti mpya ya bei kubwa itaendelea kupita njia zile zile mbili za zamani.